Matope kwanza, jiki baadaye, rangi mwisho kabisa

Swali: "Maji ya Msimbazi yaliingia kwetu Kigogo usiku wa Jumanne, yakafika magotini, yakaisha Jumatano mchana. Choo cha shimo cha jirani kilifurika kikaja nayo. Nyumba ni ya bloku, sebuleni kuna marumaru, vyumbani saruji tupu, na ukuta kwa chini una rangi ya mafuta. Nina sofa, kabati la nguo la dukani, kitanda cha mninga cha marehemu mama, magodoro mawili ya sponji na gunia la mchele lililolowana nusu. Mume wangu anataka tununue jiki nyingi tumwage kila mahali, kisha wiki ijayo tupake rangi. Leo ni Alhamisi. Nianzie wapi, na nitupe nini?"

Pole sana dada, wewe na wote wa nyumbani. Mwambie shemeji kwamba jiki itahitajika, ila zamu yake haijafika, na rangi haitapakwa wiki ijayo wala mwezi huu. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela zao: wanamwaga dawa juu ya matope, wanapaka rangi juu ya unyevu, na baada ya miezi miwili wanaianza kazi upya.

Kabla hujashika ndoo, hakikisha umeme umezimwa kwenye swichi kuu, na usiuguse ukiwa umesimama kwenye maji. Soketi zenu za chini zimeingia maji na tope. Zitaonekana kavu kwa nje huku ndani bado ni bichi, kwa hiyo zibaki zimezimwa mpaka fundi umeme azifungue moja moja. Friji nayo isichomekwe, kwa sababu mashine yake ipo chini kabisa, palepale maji yalipopita.

Vaeni gambuti na glavu ndefu za mpira, na mwenye kidonda akifunike vizuri au asiingie. Mwaka 2022 ugonjwa uliozuka Ruangwa, Lindi, ukatisha watu, ulithibitishwa kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vikaingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Maji yenu yamepita kwenye mashimo ya panya na kwenye choo. Mtu akipata homa na maumivu makali ya misuli ndani ya mwezi mmoja kuanzia sasa, amwambie daktari wazi kwamba alishika maji ya mafuriko, maana bila hivyo atadhaniwa ana malaria tu.

Sasa tope. Liondoe leo na kesho, likiwa bado bichi. Tope bichi linazoleka kwa koleo, ila likikauka linashika kama udongo wa chungu, na ukilifagia linakuwa vumbi ambalo mtavuta pumzi pamoja na kila kilichomo. Mahali lilipokwisha kukauka, lilowanishe kwanza. Anza chumba cha ndani kabisa, rudi nalo kinyumenyume mpaka mlangoni, ili usikanyage ulipokwisha kusafisha. Usilitupe mtaroni hata kama jirani wote wanafanya hivyo. Mvua inayofuata italikuta palepale na kurudisha maji kwenu. Lirundike pembeni, mbali na kisima na mahali watoto wanapochezea.

Tope likishatoka, bado kuna utelezi mwembamba uliobaki. Huu unatolewa na sabuni ya unga na brashi ngumu, hautolewi na jiki. Klorini iliyomo ndani ya jiki haichagui pa kwenda: ikikutana na tope, mafuta au kinyesi inaanza kupambana na huo uchafu wote, inaisha nguvu hapohapo, na vijidudu vilivyojificha chini yake vinabaki salama. Ndiyo maana nyumba iliyomwagiwa jiki juu ya matope hunukia hospitali kwa saa chache, kisha harufu mbaya inarudi. Dalili utaiona kwenye ndoo yenyewe: maji ya jiki yakigeuka rangi ya chai, hayana kazi tena. Yamwage, changanya mengine.

Sugua kuta kuanzia nusu mita juu ya alama ya maji, ushuke chini. Najua maji yalifika magotini tu, lakini ukuta wa bloku hunywa maji kama utambi wa taa unavyonywa mafuta, na unyevu umeshapanda kuliko alama unayoiona. Kabla hujaifuta alama hiyo, piga picha, kisha chora mstari kwa penseli. Utauhitaji baadaye. Suuza kwa maji safi mpaka yanayotoka mlangoni yawe meupe.

Hapo ndipo jiki inaingia. Soma kwenye chupa: jiki nyingi za kwetu zina asilimia 3.5 ya dawa yenyewe. Kwa hiyo, katika ndoo ya lita 10 ya maji tia mililita 300, kama kikombe kikubwa cha chai. Kama chupa imeandikwa asilimia 5 au 6, mililita 200 zinatosha. Pakaa ukutani na sakafuni, pabaki pamelowa kwa dakika 10, kisha suuza. Dakika hizo 10 ndizo zinazoua, si wingi wa dawa. Mahali ulipokuta kinyesi chenyewe, au kwenye kona ya choo, ongeza ukali: kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji, kwenye eneo hilo tu. Changanya kiasi cha siku hiyo, kwa sababu ndoo iliyolala imeshapungua nguvu, na iliyokaa juani zaidi.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Usichanganye jiki na dawa ya kung'arisha choo, siki, wala kitu kingine chochote cha kusafishia. Dawa nyingi za choo ni asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Katika chumba kidogo chenye dirisha moja, mtu anaweza kuanguka kabla hajaufikia mlango. Fungua milango na madirisha kabla hujafungua chupa.

Sakafu za saruji tupu za vyumbani hazina shida kubwa. Zikiwa na nyufa, zisugue kwa brashi ya waya ili tope lililojificha litoke. Sebuleni ndipo pa kuangalia. Chukua sarafu ya shilingi 200, piga nayo kila marumaru katikati na kwenye pembe. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyoachia hulia kama debe tupu, na chini yake pana maji ya choo yaliyojichimbia. Mwite fundi aibandue hiyo, msafishe na kuipa dawa sehemu ya chini, mwiache wazi ikauke ndipo airudishe. Moja moja zinazolia hapa na pale ni jambo la kawaida. Ukikuta safu nzima inalia, hasa kando ya ukuta, tope limepita chini kwa chini, na ni afadhali kubandua safu hiyo sasa kuliko kukaa na harufu ambayo hamtajua inatoka wapi.

Nije kwenye rangi ya mafuta, kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi katika swali lako. Nyumba nyingi za Dar zimepakwa rangi hiyo kwenye mita ya chini ili ukuta ufutike kirahisi. Siku za kawaida ni msaada. Baada ya mafuriko inageuka kuwa mfuniko wa sufuria: maji yaliyoingia ndani ya bloku hayana pa kutokea, yanapanda juu kutafuta njia, na wiki chache baadaye unaona ukuta umevimba malengelenge na juu ya mstari wa rangi pameota chumvi nyeupe kama unga. Kwangu mwenyewe niliwahi kupaka rangi mpya wiki ya tatu baada ya maji kuingia, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Ukuta ulionekana mkavu kabisa na nilikuwa nimeushika kwa mkono. Kabla mwezi haujaisha, rangi ilikuwa ikitoka vipande vikubwa kama maganda ya muhogo, na nyuma yake lipu ilikuwa nyeusi kwa ukungu. Mkono haupimi ukuta. Unagusa milimita moja ya juu, na unyevu upo sentimita 10 ndani.

Kwa hiyo kwangueni rangi ya mafuta yote mpaka lipu ionekane, angalau upande mmoja wa kila ukuta, na iwe upande wa ndani kama mnaweza mmoja tu. Lowanisheni kidogo mnapokwangua ili vumbi lisiruke, na watoto wasiwepo, kwa maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kama juu ya lipu kuna skimu ya jipsamu, itakuwa imelainika kama jibini, nayo itolewe mpaka sentimita 30 juu ya ule mstari wako wa penseli. Lipu ya saruji yenyewe iguseni kwa kugonga: iliyo imara ibaki, inayolia tupu itolewe.

Halafu acheni ukuta upumue. Msimu wa masika hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hivyo kuacha madirisha wazi usiku kucha hakusaidii sana. Fungueni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, madirisha ya pande mbili ili upepo ukatize, mfunge mvua ikija. Feni inasaidia sana, ila baada ya fundi umeme kumaliza kazi yake. Chochote mtakachorudisha ndani kikae shubiri moja mbali na ukuta. Na tafadhali msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukikausha. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Kuhusu vitu, sina orodha ndefu. Kwa kila kitu jiulize: maji yaliingia ndani yake, au yalipita juu yake? Chuma, kioo, plastiki ngumu, sufuria na vyombo vya udongo vyenye kung'aa, maji yamepita juu. Vioshwe kwa sabuni, vitiwe dawa, visuuzwe, vibaki. Kilichonyonya na hakiwezi kufuliwa au kufunguliwa kikakauka ndani ya siku mbili hivi, kitupwe, kwa kuwa ukungu huanza kuota kati ya saa 24 na 48. Ninyi mpo kwenye saa hizo sasa hivi.

Magodoro yote mawili yatupwe. Najua bei ya godoro na najua ninachokuambia. Watu huyaanika juani, yanakauka juu, yanapuliziwa manukato, yanarudi kitandani kwa mtoto. Niliwahi kupasua kwa kisu godoro lililokaa juani siku tisa. Kwa nje lilikuwa kavu kama kuki. Katikati, nilipoliminya kwa vidole viwili, yalitoka maji ya kijivu yenye harufu ya choo, na kuzunguka hapo sponji ilikuwa na madoa meusi. Jua halifiki katikati ya inchi sita za sponji. Ukiyatoa nje, yakate kwa kisu kwanza, kwa sababu lililo zima litaokotwa, litavishwa foronya mpya na kuuzwa kwa mwenzako. Mito ya sufi au sponji ifuate njia hiyohiyo. Mashuka, mapazia na nguo, hivyo vinafuliwa: toeni tope kwa maji baridi kwanza, kisha maji ya moto na sabuni, na juani.

Sofa ina vitu viwili ndani yake. Sponji na kitambaa vilivyoguswa na maji havisafishiki, viondoke. Fremu ni habari nyingine. Pindueni sofa, chaneni kitambaa cha chini, mtazame mbao. Kama ni mbao ngumu na maungio hayachezi, ioshwe, ikaushwe kivulini, na fundi sofa aitie sponji na kitambaa kipya. Muulizeni bei kabla hamjaamua. Kama chini mnakuta vipande vya hadibodi na mbao za makreti zilizopigiliwa misumari, hakuna cha kuokoa.

Kabati la dukani, kwa maelezo yako, karibu hakika ni chipbodi, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Bonyeza ukingo wa chini kwa ukucha. Ukiwa umevimba na unabonyea kama mkate uliolowana, haurudi tena, hata ukikauka mwaka mzima. Wengine hulikata chini na kuliwekea matofali. Mimi sishauri, kwa sababu skrubu za chini zimepoteza mshiko, na kabati refu lenye nguo na kioo linaweza kumwangukia mtoto anayevuta mlango. Toeni kioo, bawaba, vitasa na bomba la kutundikia nguo, mbao zenyewe ziende.

Kitanda cha mama kibaki. Mninga ni mti mgumu na hauachii umbo kirahisi. Kifungueni vipande vipande, kwa sababu tope linajificha ndani ya maungio na matundu ya skrubu. Kisugueni kwa sabuni na brashi laini kufuata mistari ya mti, kisha kifutwe kwa tambara lenye maji ya jiki ya ule mchanganyiko hafifu na kusuuzwa. Jaribu kwanza upande usioonekana, kwani jiki inaweza kukipausha. Kausheni kivulini, mbao zikiwa zimeinuliwa juu ya bloku ili upepo upite chini. Msianike juani. Jua hukausha uso haraka huku moyo wa mbao bado umevimba, na hapo ndipo mti unapopasuka au kupinda. Vanishi ikifanya ukungu mweupe msihofu, mara nyingi hutoweka mbao zinapokauka. Mpeni seremala wiki tatu au nne baadaye akaze maungio. Chaga zikiwa za plaiwudi iliyoanza kuachana tabaka, wekeni mpya.

Mchele wote utupwe, pamoja na ule wa juu unaoonekana mkavu. Gunia limenyonya kama ukuta ulivyonyonya. Usiwape kuku, kwa kuwa nafaka iliyolowana huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Vyakula vya chupa zenye mfuniko wa kuzungusha navyo vitoke hata kama hazijafunguliwa, sababu maji machafu hukaa kwenye mizunguko ya mfuniko. Makopo ya bati yasiyobonyea wala kupata kutu yanaweza kuoshwa na kutiwa dawa. Miiko, ubao wa kukatia na kinu cha mbao chenye nyufa, tupeni. Chuchu za chupa ya mtoto pia.

Mwishowe rangi, ambayo shemeji anaisubiri. Hesabu ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta wenu wa bloku unaokauka pande zote mbili unaweza kuchukua miezi miwili mpaka minne kufuatana na mvua. Lakini msihesabu kalenda, pimeni. Kata nailoni nene nyeupe yenye upana na urefu wa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiwe na tundu, sentimita 10 kutoka sakafuni, kwenye ukuta unaopata upepo kidogo kuliko zote. Kwenu nadhani ni pale nyuma ya kabati. Iache kutoka jioni mpaka kesho yake mchana. Ukiibandua ukakuta matone upande wa ndani, au lipu chini yake imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, ukuta bado. Subirini wiki mbili, rudieni.

Wakati wa kusubiri chumvi nyeupe itaota. Ifagieni ikiwa kavu kwa brashi, msiioshe, kwa maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani ya ukuta. Itatoka tena na tena, kila mara kidogo kuliko mwanzo. Nailoni ikitoka kavu mara mbili mfululizo kwenye ukuta huo mbaya kuliko wote, nunueni rangi ya maji, si ya mafuta, mpake mpaka chini sakafuni.